Pesa Imekatwa, Umeme Haujaja

Aplikesheni ya malipo inapomwandikia mteja "Imeshindikana" kwa herufi nyekundu, mara nyingi inasema jambo isilolijua. Ilituma ombi, ikasubiri jibu, jibu halikuja, muda wa kusubiri ukaisha. Basi. Kama malipo yamefanyika au hayajafanyika, yenyewe haijui. Kati ya "sijajibiwa" na "imeshindikana" pana pengo, na katika pengo hilo pesa ya mteja inaweza kukaa saa nzima, usiku kucha, au zaidi. Humo humo ndimo kijana mgeni wa huduma kwa wateja anamopotezea utulivu wake.

Pengo hilo ndilo lililokuwa somo katika chumba cha mafunzo cha kampuni moja ya huduma za malipo jijini Dar es Salaam. Waliokaa mbele ya mkufunzi walikuwa vijana waliokuwa wakikaribia kuvaa hedseti na kupokea simu za kweli. Mkufunzi, mama wa makamo aliyeianza kazi hii kwenye zamu za usiku, hakuwafundisha kuvuta pumzi wala kutabasamu wakiwa kwenye simu. Aliwaambia kwamba mtu anayejua hatua inayofuata hahangaiki, hata kama mteja anapiga kelele, na kwamba asiyeijua atahangaika hata mteja akiwa mpole. Kisha akawapa zoezi, yeye mwenyewe akiwa mteja.

Zoezi ni hili. Mama mmoja wa Mbagala ameishiwa umeme jioni. Anafungua aplikesheni kwenye simu yake, ananunua LUKU ya shilingi 10,000. Skrini inazunguka, halafu inaandika: "Imeshindikana. Jaribu tena." Anajaribu tena. Maandishi yale yale. Lakini kwenye simu zimeingia meseji mbili za mtandao zinazosema pesa imetoka. Tokeni hakuna hata moja. Nyumba iko gizani, naye anapiga simu.

Njia ya shilingi elfu kumi

Kabla ya kuwaruhusu wapokee simu hiyo, mkufunzi aliwachorea ubaoni njia ambayo ombi la mama yule linapita. Linatoka kwenye simu yake hadi kwenye seva ya kampuni yenye aplikesheni. Seva inauomba mtandao wa simu ukate pesa kwenye akaunti ya mama. Pesa ikishakatwa, seva inatuma ombi la pili kwa mshirika, yaani kampuni nyingine ambayo kazi yake ni kuunganisha wauzaji na mfumo unaotengeneza tokeni. Mfumo huo unatengeneza tokeni ya tarakimu 20, na tokeni inarudi kwa njia ile ile hadi kwenye meseji ya mama.

Ni safari ya sekunde chache kukiwa shwari. Kukitokea hitilafu, mkufunzi alisema, pesa itakuwa katika moja ya hali tatu. Huenda haijatoka kabisa kwa mteja. Huenda imetoka lakini tokeni haijatengenezwa. Au huenda tokeni imeshatengenezwa, ila jibu limepotea njiani likirudi. Kwenye skrini ya mteja hali zote tatu zinaonekana kwa maandishi yale yale mekundu, ilhali kila moja ina dawa yake. Ya kwanza, mteja anaweza kujaribu tena bila hasara. Ya pili, ama tokeni itengenezwe ama pesa irudishwe. Ya tatu, tokeni ipo tayari na kinachotakiwa ni kumfikishia mwenyewe.

Ndiyo maana ushauri wa "jaribu tena" ni wa hatari. Umemtuma mtoto dukani na elfu kumi, amechelewa kurudi. Humtumi mdogo wake na elfu kumi nyingine kabla hujajua wa kwanza yuko wapi. Mama wa Mbagala alishauriwa na aplikesheni yenyewe afanye hivyo, akafanya. Kazi ya kwanza ya anayepokea simu yake ni kuhakikisha hafanyi mara ya tatu.

Dakika za kwanza

Kijana wa kwanza alijitokeza. Mkufunzi akaingia kwenye nafasi ya mteja.

"Shikamoo mama," kijana alianza.

"Marahaba. Mmenikata elfu ishirini na niko gizani. Watoto wana mtihani kesho, na hii ni mara ya tatu napiga simu inakatika."

"Pole sana mama. Naomba ufute aplikesheni halafu uiweke upya."

Mkufunzi alimsimamisha hapo hapo. Kosa si lugha, alisema, maana kijana alikuwa na adabu. Kosa ni kwamba ametoa dawa kabla ya kujua ugonjwa, na dawa yenyewe inafuta ushahidi. Aplikesheni nyingi huhifadhi ndani yake orodha ya malipo ya karibuni, pamoja na namba ya kumbukumbu ya kila moja. Ukiifuta, orodha inaweza kwenda nayo. Zaidi ya hapo, mteja atalazimika kujisajili upya usiku huo, kwenye simu ambayo labda chaji inakaribia kuisha. Na mwisho wa yote, kufuta aplikesheni hakuwezi kuleta tokeni, kwa sababu tatizo liko mbali na simu yake.

Kijana wa pili, msichana, alianza vingine. "Pole mama. Naomba kwanza usilipe tena mpaka nikuambie, ili pesa nyingine isitoke. Na hizo meseji usizifute. Sasa nisaidie kitu kimoja kimoja." Akauliza namba ya mita, ambayo kwa LUKU ni tarakimu 11. Akauliza kiasi. Akauliza saa. Kisha akauliza swali lililomfanya mkufunzi atikise kichwa kwa kuridhika: "Hizo meseji mbili za kukatwa pesa, namba zake za kumbukumbu zinafanana au zinatofautiana?"

Jibu la swali hilo linabadilisha kesi nzima. Mtandao ukielemewa, meseji moja inaweza kufika mara mbili. Mteja anaona meseji mbili za elfu kumi kumi na kuamini kwamba amekatwa elfu ishirini, kumbe ni muamala mmoja uliotangazwa mara mbili. Kama namba za kumbukumbu zinatofautiana, hapo pesa imetoka mara mbili kweli. Mkufunzi, akiwa bado mteja, alisoma namba zake polepole. Zilikuwa tofauti.

Kuna kitu kimoja msichana hakuuliza, na mkufunzi alitaka wote wakione. Hakuuliza namba ya siri. Hakuna hatua yoyote katika kutafuta muamala inayoihitaji, wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji. Kuthibitisha kwamba unayeongea naye ndiye mwenye akaunti kunafanyika kwa njia nyingine, kama vile majina kamili yaliyosajiliwa, namba ya simu na miamala ya karibuni.

Saa tatu zilizopotea

Mama alikuwa amesema alilipa "saa moja na dakika arobaini hivi". Kila aliyekuwa chumbani alielewa kwamba ni usiku, yaani 19:40 kwenye saa ya simu. Kijana mwingine alikaa kwenye kompyuta ya mazoezi, akafungua kumbukumbu za seva, akatafuta kuanzia 19:35 hadi 19:50. Hakuona kitu. Akarudi kwenye simu na kusema, "Mama, kwenye mfumo wetu hakuna muamala wowote wa saa hiyo."

Mteja wa kweli angekasirika hapo, na angekuwa na haki. Ana meseji mbili mkononi, halafu anaambiwa hakuna kitu. Kilichotokea ni kwamba seva nyingi haziandiki saa za Afrika Mashariki. Zinaandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa moja na dakika arobaini usiku ya Mbagala ni 19:40 kwenye simu na 16:40 kwenye seva. Kijana alikuwa akitafuta mahali ambapo muamala haungeweza kuonekana.

"Kutoona si kutokuwepo," mkufunzi alisema, na akawataka waiandike. Kabla hujamwambia mteja kwamba hakuna kitu, jiulize umetafuta wapi, kwa saa ipi, na kwa namba ipi. Bora umwambie, "Bado sijauona, naendelea kutafuta," kwa sababu hilo ndilo unalolijua kwa hakika.

Kijana alitafuta tena, safari hii kwa saa sahihi. Mistari hii ikatokea. Herufi `Z` baada ya saa ndiyo alama ya saa ya kimataifa:

```
16:42:07Z ref=A7731 amt=10000 SENT
16:42:37Z ref=A7731 TIMEOUT 30s
16:43:20Z ref=A7732 amt=10000 SENT
16:43:50Z ref=A7732 TIMEOUT 30s
```

Ukiisoma taratibu, mistari minne hii inasimulia kila kitu kilichompata mama. Ombi la kwanza lilitumwa kwa mshirika, seva ikasubiri sekunde 30, ikakata tamaa. Mama akaisoma ile "Jaribu tena", na baada ya sekunde 43 ombi la pili lilikuwa limeshatumwa. Nalo likasubiriwa sekunde 30 likakatiwa tamaa. Hakuna mstari unaosema kwamba mshirika alikataa. Unaosema hivyo ungekuwa na neno lingine kabisa. Hapa kuna kimya tu.

Kuna jambo jingine kwenye mistari hiyo ambalo ni la mafundi zaidi, lakini mkufunzi alitaka vijana walione. Namba za kumbukumbu ni mbili, `A7731` na `A7732`. Aplikesheni iliyotengenezwa vizuri, mteja anapobonyeza "jaribu tena" kwa malipo yale yale, hutuma ombi likiwa na utambulisho ule ule wa kwanza. Upande wa pili ukiuona utambulisho ambao umeshaupokea, haukati pesa mara ya pili. Unarudisha jibu la ombi la kwanza. Aplikesheni hii ililichukulia jaribio la pili kuwa ununuzi mpya. Kosa hilo litarekebishwa na mafundi, si na mpokea simu. Lakini fundi hatalijua kama mpokea simu hakuandika kwamba mteja alibonyeza mara mbili na kwamba namba zilikuwa mbili.

Ni mmoja au ni wengi?

Hatua iliyofuata ilifanywa mteja akiwa bado kwenye simu, baada ya kuombwa kwa adabu asubiri dakika mbili. Mkufunzi alikuwa mkali kuhusu dakika hizo. Ukiomba mbili, zikiisha unarudi, hata kama ni kusema, "Mama, bado nipo, naomba mbili nyingine." Kimya cha dakika tano kwa mtu aliye gizani ni kirefu sana, na mwisho wake anakata simu, anapiga upya, anapokelewa na mwingine, na kila kitu kinaanza mwanzo.

Katika dakika mbili hizo kuna maswali machache ya kumwuliza mfumo. Je, wapo wateja wengine waliokwama katika nusu saa iliyopita? Kama wapo, wote walikuwa wakinunua LUKU, au hata waliolipia maji wamekwama? Waliotumia mtandao mwingine wa simu wamefanikiwa? Kwenye zoezi, jibu lilikuwa kwamba malipo ya maji na vocha yalikuwa yanapita vizuri kutoka mitandao yote, na LUKU zilizopitia mshirika yule zilikuwa zinakwama tangu saa moja na nusu.

Kila jibu linamwondoa mshukiwa mmoja. Vocha zinapita, basi aplikesheni inafanya kazi. Mitandao yote inakata pesa vizuri, basi tatizo haliko kwenye mtandao wa mama. Linabaki eneo moja, kati ya seva yetu na mshirika. Kijana ambaye dakika kumi kabla alikuwa anataka mteja afute aplikesheni sasa ana kitu cha kumwambia kiongozi wa zamu: mahali, saa lilipoanza, na nani limewagusa. Tayari hilo si lalamiko la mteja mmoja. Ni hitilafu inayopaswa kutangazwa ndani ya kampuni, ili wapokea simu wote waseme kitu kimoja.

Kisha yanaandikwa maelezo ya kesi. Mkufunzi aliwaonyesha aina ya maelezo anayokutana nayo kila wiki: "Mteja analalamika hajapata tokeni. Nimemwambia asubiri." Anayeingia zamu saa nne usiku hawezi kufanya chochote na sentensi hizo. Itabidi ampigie mteja na kumwuliza yote upya. Maelezo anayoyataka yeye yana sehemu tatu zisizochanganywa, na kwa kesi hii yalikuwa hivi:

*Tunachojua: mteja amekatwa 10,000 mara mbili, kumbukumbu tofauti. Maombi A7731 na A7732 yametumwa kwa mshirika, yote mawili hayakujibiwa ndani ya sekunde 30.*

*Tunachodhani: mshirika anachelewa kujibu LUKU tangu saa 1:30 usiku. Malipo mengine yanapita.*

*Tusichokijua: kama tokeni zimetengenezwa, moja au zote mbili.*

Chini yake, hatua inayofuata, nani anaifanya, na mteja ameahidiwa kupigiwa saa ngapi.

Kuvitenga vitu hivyo vitatu ndiko kunakomtuliza mpokea simu kuliko maneno yoyote ya faraja. Mteja akiuliza, "Sasa pesa yangu iko wapi?", kijana hana haja ya kubuni. Anasoma sehemu ya kwanza na ya tatu. Sehemu ya pili ni ya wafanyakazi wenyewe. Dhana ikishamfikia mteja inageuka ahadi, na ikigeuka uongo kesho yake, jina la kampuni ndilo linaloharibika.

Taa imewaka, kesi haijaisha

Mfumo wa mshirika una sehemu ya kuuliza hali ya muamala kwa namba yake. Kuuliza hali hakukati pesa, kwa hiyo ndiyo njia salama ya kupata jibu, tofauti na kujaribu kununua tena. Msichana aliuliza. Kwa `A7731` jibu lilikuwa `SUCCESS`, na tokeni ilikuwepo. Kwa `A7732` jibu lilikuwa `PENDING`, yaani bado haijaamuliwa.

Kumbe ombi la kwanza lilikuwa katika ile hali ya tatu. Tokeni ilitengenezwa, jibu likachelewa kupita sekunde 30, seva ikawa imeshaacha kusikiliza. Msichana alimsomea mteja tokeni hiyo tarakimu nne nne, makundi matano, na kila baada ya kundi akamwomba mteja alirudie. Ukisoma tarakimu 20 kwa pumzi moja, mteja ataandika 19, mita itakataa, na mtaanza ugomvi mpya juu ya ule wa zamani.

Mita ingekataa tokeni iliyosomwa sawasawa, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Mwaka 2024 wapokea simu wengi walikutana na hilo. Tokeni za mita za aina hii zilikuwa zikibeba ndani yake hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita zote za mfumo huo, Tanzania na kwingineko duniani, zilitakiwa kuboreshwa kabla ya siku hiyo kwa kuingiza tokeni mbili maalumu kabla ya ile ya umeme. Mteja ambaye mita yake haikuboreshwa alikuwa na tokeni halali na risiti halali, na bado mita ikakataa. Aliyekuwa akimwambia afute aplikesheni alikuwa anampotezea muda tu.

Kwenye zoezi mita ilikubali. Umeme ukarudi, mteja akashukuru, na msichana akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufunga kesi.

Mkufunzi alimwuliza, "Na elfu kumi ya pili?"

Hapo ndipo palipokuwa kiini cha somo lake. Kesi ambayo nusu yake imetatuliwa ndiyo inayosahaulika kirahisi, kwa sababu kelele zimekwisha. Mteja ametulia, mpokea simu amefarijika, na shilingi elfu kumi inabaki inaelea kati ya mifumo miwili.

Kijana mmoja alipendekeza warudishe hiyo pesa mara moja, mteja alale kwa amani. Wazo la huruma, mkufunzi alisema, lakini hali bado ni `PENDING`. Ukirudisha pesa saa mbili usiku, na saa tatu mshirika akatoka kwenye msongamano wake akatengeneza tokeni, mteja atakuwa na pesa na umeme. Kampuni italazimika kumfuata mama huyo huyo kumdai, na ugomvi huo ni mchungu kuliko wa kwanza. Pesa hurudishwa muamala ukishafikia mwisho wake, yaani umethibitishwa kushindwa. Kabla ya hapo, anachoweza kupewa mteja ni ukweli na saa ya kupigiwa.

Kupiga simu bila habari mpya

Msichana alimweleza mteja hivi: "Mama, elfu kumi ya kwanza ndiyo hiyo tokeni uliyoingiza. Ya pili bado haijaamuliwa, haijawa umeme na haijarudi. Siwezi kukuambia itaisha saa ngapi, maana sijui. Nitakupigia saa tatu na nusu usiku, nikiwa na jibu au sina."

Maneno ya mwisho ndiyo mkufunzi aliyoyasubiri. Saa ambayo hitilafu itakwisha haiko mikononi mwa mpokea simu. Saa ya kupiga simu iko mikononi mwake. Ahidi unachokimiliki. "Muda si mrefu" haina saa, na kila mtu ana muda wake mrefu. "Linafanyiwa kazi" nalo, mteja akilisikia mara ya tatu bila chochote kilichoongezeka, analisikia kama kufukuzwa kwa adabu.

Simu ya saa tatu na nusu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu huna jipya. Vijana wengi huiruka wakingoja wapate cha kusema. Mkufunzi aliifanya iigizwe yote. "Mama, nimepiga kama nilivyoahidi. Hali ya ile elfu kumi haijabadilika. Nimeuliza tena dakika tano zilizopita. Tunaopokea zamu tumeshaandikiana, na asubuhi saa tatu utapigiwa tena." Simu fupi, isiyo na maringo. Lakini mteja aliyepigiwa hivyo halazimiki kukesha akipiga yeye, na wapokea simu wanabaki na nafasi ya kuwahudumia wengine waliokwama.

Kuna onyo moja linaloambatana na simu hiyo. Mteja anayesubiri kurejeshewa pesa ni windo zuri la matapeli, hasa kama ameshaandika malalamiko yake hadharani mitandaoni pamoja na namba yake. Watanzania wanaijua meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ndugu yake ni simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, anayesema anarudisha pesa, na anayeomba namba ya siri ili "akamilishe". Msichana alimwambia mteja kwamba pesa ikirudi itaingia yenyewe, na kwamba atakayeomba namba ya siri si wao.

Na mteja akifoka? Mkufunzi alijibu kwa kufoka. Alimlalamikia kijana aliyekuwa mbele yake hadi chumba kikacheka, kisha kikaacha kucheka. Alichotaka wafanye ni kumwacha amalize, halafu wamrudishie yale tu yanayoweza kuthibitishwa: "Umekatwa mara mbili, umepata tokeni moja, umeshatupigia mara nne. Sawasawa mama?" Mtu akisikia jambo lake limeelezwa vilevile lilivyo, sauti hushuka. Asiposikia hivyo, anaongeza sauti akidhani hajasikika. Kubishana juu ya hasira yake hakuna faida, na kujitetea kwamba kosa ni la mshirika ni kumpa mteja taarifa isiyomhusu. Yeye hakununua kwa mshirika.

Asubuhi

Kila siku kampuni za malipo hufanya usuluhishi wa hesabu. Orodha ya miamala ya jana ya kampuni huwekwa kando ya orodha ya mshirika, mstari kwa mstari. Muamala uliopo pande zote mbili unakubaliwa. Uliopo upande mmoja tu unatolewa nje na kushughulikiwa. Kwenye zoezi, `A7731` ilionekana kwenye orodha zote mbili. `A7732` ilikuwepo kwa kampuni, ikiwa imekatwa pesa, na haikuwepo kwa mshirika. Tokeni ya pili haikuwahi kutengenezwa. Sasa pesa inaweza kurudi bila shaka yoyote.

Mkufunzi aliwapa masharti matatu ya kufunga kesi. Kila shilingi iwe imefika mwisho wake, yaani imekuwa umeme au imerudi. Mteja mwenyewe awe ameiona kwenye simu yake na amesema hivyo. Na chanzo kiwe kimeandikwa kwa mafundi, hapa vikiwa viwili: mshirika kuchelewa, na aplikesheni kutengeneza namba mpya kwa jaribio la pili. La kwanza litapita lenyewe. La pili litamkata mteja mwingine mara mbili siku yoyote mtandao utakapochelewa, kama halikusemwa.

Msomaji ambaye hana mpango wa kuvaa hedseti naye ana chake hapa. Ukiona pesa imekatwa na huduma haijaja, usilipe tena. Piga picha ya skrini, tunza meseji, linganisha namba za kumbukumbu kama meseji ni mbili. Ukipiga simu, taja saa, kiasi na namba ya mita, kisha uliza mambo mawili: muamala uko katika hali gani sasa, na nitapigiwa saa ngapi. Asiyeweza kujibu la kwanza anaweza kujibu la pili.

Mwisho wa somo msichana yule alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama usuluhishi nao haujatoa jibu asubuhi?"

"Utampigia saa tatu kama ulivyoahidi," mkufunzi alisema, "utamwambia haujatoa jibu, na utampa saa nyingine."